Makopo hayatoshi kwenye katoni: jinsi ya kutafuta kosa kati ya mpango wa mraba na wa kupishana

Vitu vya duara vina njia mbili kuu za kupangwa kwenye katoni. Ya kwanza ni mpango wa mraba: kila kopo limekaa sambamba na jirani zake, safu na safu zinatazamana uso kwa uso. Ya pili ni mpango wa kupishana: safu ya pili inasogezwa nusu kopo, ili kila kopo lizame kwenye pengo lililo kati ya makopo mawili ya safu ya kwanza. Watu wengi wamesikia kwamba kupishana kunabana zaidi, na ni kweli. Matatizo mengi ninayoyaeleza hapa huanza pale mtu anapoichukua kweli hiyo bila kuuliza ni katoni ya ukubwa gani.

Ili tusitangetange, tutafanya kazi na katoni moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndani ina urefu wa milimita 410 na upana wa milimita 270. Makopo yana kipenyo cha milimita 66, na kwenda juu ni tabaka moja. Wewe weka vipimo vyako mahali pa hivi, dalili ni zilezile.

Dalili ya kwanza: hesabu ilisema 32, yameingia 24

Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Mtu anachukua eneo la kitako cha katoni, 410 mara 270, anapata milimita za mraba 110,700. Anachukua eneo la duara la kopo, kama 3,421. Anagawanya, anapata 32 na ushee. Kisha anapanga, na katoni inajaa kwenye kopo la 24.

Hakuna kilichopotea. Duara haziwezi kufunika eneo lote, hata zikipangwa na nani. Katika mpango wa mraba kila kopo linajitwalia mraba wa 66 kwa 66, yaani 4,356, ingawa lenyewe ni 3,421 tu. Tofauti hiyo ya 935 imebaki kwenye pembe nne za mraba, nayo hairudi. Kwa asilimia, mpango wa mraba ulio kamili hujaza kama 78.5 ya eneo. Kupishana kukiwa kamili hujaza kama 90.7, na mwanahisabati László Fejes Tóth alithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwamba kwenye uwanda usio na mwisho hakuna mpango wowote wa duara zinazolingana unaoweza kuipita asilimia hiyo.

Maneno ya kuzingatia hapo ni "usio na mwisho". Katoni ina kuta. Ukichukua 90.7 na kuizidisha kwa eneo la katoni yetu utapata makopo 29, nayo ni ndoto vilevile. Njia ya kuaminika ya kujua idadi ni kuhesabu safu na kuhesabu makopo ya kila safu. Kwa mraba: 410 gawanya kwa 66 ni 6, 270 gawanya kwa 66 ni 4, basi 24. Mabaki hutupwa, hata yakiwa makubwa kiasi gani.

Hata hivyo, inafaa kujua nafasi iliyobaki iko wapi, maana dawa inategemea hapo. Katika katoni yetu yenye makopo 24, eneo tupu lote ni kama 28,600. Kati ya hilo, 22,400 limo katikati ya makopo na 6,200 tu ndilo liko kandokando ya kuta. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba katoni ni kubwa mno anailaumu bure, kwa sababu hata ungeikata ibane kabisa, sehemu kubwa ya utupu ingebaki palepale kati ya makopo.

Dalili ya pili: nimepishanisha, na badala ya kuongezeka yamepungua

Hapa ndipo pa kukaa kitako, kwa sababu ndipo penye siri ya jambo zima.

Chukua katoni yetu na upange safu ya kwanza kando ya ukuta mrefu. Makopo sita yanaingia, yanabaki milimita 14. Safu ya pili unaisogeza nusu kopo, yaani milimita 33. Lakini hakuna milimita 33, zipo 14 tu. Kwa hiyo safu ya pili itachukua makopo matano, ya tatu sita, ya nne matano. Jumla ni 22. Umepoteza mawili ukilinganisha na mraba.

Umepata nini badala yake? Safu zimekaribiana. Ukiunganisha vitovu vya makopo matatu yanayogusana unapata pembetatu yenye pande tatu sawa, na kimo cha pembetatu hiyo ni 0.866 ya kipenyo. Kwa kopo letu ni milimita 57.2. Kila safu baada ya ya kwanza inakula 57.2 badala ya 66, kwa hiyo inaokoa karibu milimita 9. Safu nne zina hatua tatu kati yake, na umeokoa milimita 26 au 27. Safu nyingine inahitaji 57.2. Ukijumlisha na milimita 6 zilizokuwepo tangu mwanzo, una kama 32. Haitoshi. Umelipa makopo mawili na safu mpya hukuipata.

Hiyo ndiyo biashara yote ya kupishana: unalipa kopo moja katika kila safu ya pili, na malipo yako ni safu ya ziada ikiwa akiba imefikia. Akiba isipofikia hatua nzima ya safu, inageuka kuwa mwanya ukutani. Katika mpango huu wa makopo 22, sehemu kubwa ya utupu haimo tena kati ya makopo, imehamia kwenye kuta. Makopo yenyewe yamebanana vizuri na bado katoni ina nafasi tupu nyingi kuliko mwanzo.

Sasa geuza. Panga safu ya kwanza kando ya ukuta *mfupi*. Katoni ni ileile na makopo ni yaleyale. Safu ya kwanza inachukua makopo manne, ya pili matatu, ya tatu manne, na kuendelea. Safu zinaelekea kwenye urefu wa 410. Ya kwanza inakula 66, kila inayofuata 57.2. Ukitoa 66 kwenye 410 zinabaki 344, na 344 gawanya kwa 57.2 inatoa hatua sita kamili. Jumla ni safu saba: nne zenye makopo manne na tatu zenye makopo matatu, yaani 16 na 9. Ni 25.

Kwa hiyo katoni moja inatoa majibu matatu: 22, 24 au 25, kutegemea umechagua mpango upi na umeanzia ukuta upi. Aliyejaribu upande mmoja tu akasema "kupishana hakufai" hajakosea kuhusu alichokiona, ila amejaribu nusu ya kazi. Kanuni ya kuhesabu safu ni hii, na lazima uitumie mara mbili, mara moja kwa kila uelekeo:

```
safu = 1 + floor((L - d) / (0.866 * d))
```

Hapo `L` ni urefu wa ndani wa upande ambako safu zinaelekea, `d` ni kipenyo, na `floor` maana yake tupa desimali. Kisha tazama upande wa pili wa katoni, ule ambao safu zimelala. Ukigawanya kwa kipenyo na mabaki yakawa nusu kipenyo au zaidi, kila safu inapata idadi ileile na hulipi chochote. Mabaki yakiwa chini ya hapo, kila safu ya pili inapungua kopo moja.

Watu huuliza kama kuna ukubwa ambao kuanzia hapo kupishana hushinda daima. Kwa katoni ambayo pande zake zinabana makopo barabara, bila mabaki yoyote, safu ya ziada ya kwanza hupatikana unapofika safu nane za mraba: nane zinageuka tisa. Kwa mfano, katoni ya makopo nane kwa nane ina 64 kwa mraba na 68 kwa kupishana. Chini ya safu nane, bila mabaki, hakuna safu ya kupata. Katoni yetu iliipata ya saba ikiwa na safu sita tu kwa sababu ya zile milimita 14 zilizozidi. Zingekuwa 12 tu, mpango huo wa makopo yanayogusana ungekataa.

Wanahisabati nao wamehangaika na jambo hilihili kwenye boksi la mraba. Kwa duara 36 ilithibitishwa mwaka 1987 kwamba sita kwa sita ndiyo njia bora kabisa. Kwa 49 ilionyeshwa mwaka 1997 kwamba saba kwa saba inashindwa, ingawa kwa tofauti ndogo sana na kwa mpangilio usio na utaratibu wa macho, ambao hakuna mpakiaji mwenye akili timamu angeufuata. Nalitaja ili usije ukadhani kuna kanuni moja fupi inayomaliza yote.

Dalili ya tatu: hesabu inakubali, kopo la mwisho linakataa

Mara nyingi kosa liko kwenye kipimo. Kuna sababu tatu ninazozitafuta kwa mpangilio huu.

Kwanza, kipimo cha katoni ni cha nje au cha ndani? Kadibodi ya mawimbi ya kawaida ina unene wa milimita 3 hadi 4. Kuta mbili zinakula 6 hadi 8. Katoni iliyoandikwa 410 kwa nje ina kama 403 ndani, na hapo mpango wa 25 umeshakufa wakati wa 24 bado uko hai, kwa kuwa unahitaji 396 tu. Pima ndani, chini karibu na kitako, wala si kwenye mdomo ambako kuta hutanuka.

Pili, kipenyo cha kopo. Usipime kopo moja kwa rula ukakadiria. Panga makopo kumi kwenye mstari dhidi ya ukuta au ubao ulionyooka, pima urefu wote, gawanya kwa kumi. Kosa la rula linagawanyika nalo. Kwa chupa, hakikisha zinagusana pale penye tumbo, maana chupa nyingine ni nene juu ya kitako kuliko kwenye kitako chenyewe, na lebo nayo huongeza kidogo.

Tatu, katoni imekaa upogo. Pima ulalo wa kitako kutoka kona hadi kona, kisha ulalo mwingine. Kwa katoni yetu zote mbili zinatakiwa ziwe karibu 491. Zikipishana kwa milimita 10, kuta zimeinama na umepoteza kama milimita 6 za urefu unaoweza kutumika. Sukuma kona mpaka ziwe sawa, funga vizuri kitako kwa gundi ya utepe, kisha ndipo upakie. Katoni iliyofungwa kitako vibaya hujipinda kadiri unavyoijaza, na kopo la mwisho ndilo linalobeba lawama.

Ikiwa vipimo vyote ni sahihi na bado inakosa milimita chache, kuna hila moja ambayo wengi hawaijui, nayo inafanya kazi kwa kupishana peke yake. Usibananishe makopo ya safu moja. Yaachanishe kidogo yaenee upana wote wa katoni, kisha safu inayofuata itazama ndani zaidi.

Tufanye kwa katoni yetu. Upana ni 270, makopo manne yakibanana yanakula 264, zinabaki 6. Ukizigawa sawasawa kwenye nafasi tatu, umbali kutoka kitovu cha kopo moja hadi cha jirani yake unakuwa 68 badala ya 66. Hesabu ni ya Pithagorasi:

```
p = (W - d) / (n - 1)
h = sqrt(d^2 - (p/2)^2)
L = d + (safu - 1) * h
```

`W` ni upana wa ndani, `n` ni makopo ya safu ndefu, `h` ni hatua kutoka safu hadi safu. Kwa `p` ya 68, `h` inashuka kutoka 57.2 hadi 56.6. Inaonekana si kitu, lakini inarudiwa mara sita. Urefu unaohitajika unatoka 409 na kushuka hadi 405.4. Kwa mkono, weka kopo la kwanza na la nne yaguse kuta, kisha tanua ya katikati kwa macho. Makopo matatu ya safu inayofuata yatajinyoosha yenyewe yakizama.

Hila hii ina mpaka wake. Makopo yakiwa na kipenyo cha 66.5 badala ya 66, hata ukiyatanua vizuri utahitaji 409.7, yaani yanaingia kwa kusugua. Yakiwa 67, utahitaji 414 na mlango umefungwa. Ona jinsi inavyokwenda: nusu milimita ya kopo imegeuka zaidi ya milimita nne za katoni, kwa sababu kopo nene linaongeza hatua ya safu na papo hapo linakunyang'anya nafasi ya kutanua. Mpango wa mraba hauna hasira hiyo. Makopo ya 67 bado yanaingia 24, kwa 402 kwa 268. Ndiyo maana mimi, makopo yakitoka sehemu mbili tofauti au yakiwa na lebo za karatasi, nakubali 24 na kulala usingizi.

Dalili ya nne: katoni ilikuwa imejaa, ilipofika ilikuwa imelegea

Hili ni tatizo la mpango wa mraba, na chanzo chake ni kilekile kinachofanya kupishana kubane. Mpango wa mraba haujajifunga. Safu zinashikiliwa na kuta tu. Ukiacha mwanya kwenye uelekeo wa safu, mtikisiko wa barabarani unazisukuma safu, moja kushoto na nyingine kulia, nazo zinaanza kuzamiana. Yaani mraba unajigeuza kuwa kupishana nusunusu ukiwa njiani.

Jambo la kujua ni kwamba uzamaji hauendi sambamba na mwanya. Katika katoni yetu makopo 24 yanaacha milimita 14 kwenye urefu. Safu zikipishana kwa 14 hizo, hatua ya safu inashuka kutoka 66 hadi 64.5. Hatua tatu zinatoa milimita 4 na nusu, ambazo zikijumlishwa na 6 zilizokuwepo kwenye upana zinakuwa 10 na nusu. Ni ulegevu, lakini si msiba. Mwanya ungekuwa 30 badala ya 14, hatua ingeshuka hadi 58.8 na ungepata zaidi ya milimita 21 mpya kwenye upana. Mwanya umeongezeka kama mara mbili, ulegevu karibu mara tano.

Utatambuaje kwamba ndicho kilichotokea, wala si kwamba makopo yalipungua au katoni ilitanuka? Fungua juu bila kugusa. Ukiona safu zimekaa zigizaga, moja imegusa ukuta wa kushoto na inayofuata ukuta wa kulia, huku upande mmoja wa upana una pengo refu lililonyooka, ni hiyo.

Dawa watu huiweka mahali pasipo. Wanaona pengo kwenye upana, wanalijaza pengo hilo. Linaloanzisha mambo ni lile la kwenye urefu, kule safu zinakoweza kuteleza. Kunja kipande cha kadibodi mpaka kifike unene wa kama milimita 13, kisimamishe kwenye ukuta mfupi, kwa urefu wote wa ukuta huo. Safu zikishindwa kuteleza, hazizami. Milimita 6 za upana ukiziacha peke yake zinaweza kusogeza makopo kwa njia hiyohiyo kwenye uelekeo wa pili, lakini kwa mwanya mdogo namna hiyo kila hatua inashuka kwa robo ya milimita tu.

Mpango wa 25 haulegei kwa namna hii. Kila kopo tayari limekaa kwenye bonde lake, na ili litoke lazima lisukume safu nzima. Udhaifu wake uko mahali pengine: kwenye ncha za zile safu fupi tatu kuna mifuko mitupu sita, kila mmoja una upana wa kama nusu kopo. Hapo ukuta mrefu wa katoni haujaegemea kitu. Katoni zikipangwa na kusukumwa ubavu kwa ubavu, ndipo zinapobonyea. Ukiona alama za kubonyea zimepangana kwa umbali sawa kwenye ukuta mrefu, ni mifuko hiyo. Vipande vya kadibodi vilivyokunjwa vikiingizwa humo vinatosha.

Dalili ya tano: tabaka la juu linayumba

Hii ni fupi. Katoni ikiwa na matabaka mawili, kopo la juu linatakiwa likae wima juu ya kopo la chini ili uzito upite ukingo kwa ukingo. Kwa mraba haliwi tatizo. Kwa kupishana, hesabu safu zako. Zikiwa shufwa, kwa mfano 4-3-4-3-4-3, mpakiaji akianzia ukuta wa pili kwenye tabaka la juu ataishia na safu ya matatu juu ya safu ya manne, na kila kopo litakalia kingo za mawili. Zikiwa witiri, kama saba zetu, mpango ni uleule ukiutazama kutoka upande wowote na kosa hilo haliwezekani. Karatasi ngumu kati ya matabaka inasaidia kusambaza uzito, lakini hairekebishi mpango uliogeuzwa.

Dalili ya sita: chupa ziliingia, vigawanyo vikakataa

Chupa za kioo hazitakiwi kugusana, kwa hiyo huwekewa vigawanyo vya kadibodi vilivyopachikana kama gridi. Chukua chupa za kipenyo kilekile cha 66. Bila vigawanyo 24 zinaingia na nafasi inabaki. Weka vigawanyo vya milimita 3: kwenye urefu vipo vitano, vinaongeza 15, unafika 411. Kwenye upana vipo vitatu, vinaongeza 9, unafika 273. Katoni imekataa pande zote mbili. Kwa vigawanyo vya milimita 2 upana unakuwa 270 kamili, na hiyo ni sawa na kukataa. Vya milimita moja na nusu vinapita, 403.5 kwa 268.5.

Hapa mtu mjanja hufikiria kupishana. Usifanye. Gridi iliyonyooka haiwezi kupita kati ya chupa zilizopishana, na bila kigawanyo kila chupa ya katikati inaguswa na sita badala ya nne. Kama ni lazima, kila chupa ivalishwe mkono wa kadibodi au wavu wake, na hapo kipenyo chako kipya ni chupa pamoja na vazi lake. Rudi kwenye kipimo cha kumi kwenye mstari, pima zikiwa zimevaa, uanze hesabu upya.

Na ukiwa unaagiza katoni mpya

Katoni ikiwa haijatengenezwa bado, swali linageuka: makopo 24 yanahitaji kitako cha ukubwa gani? Kwa mraba, sita kwa nne, ni 396 kwa 264. Kwa kupishana, ukitaka kila safu iwe na sita, unaongeza nusu kopo kwenye urefu na kupunguza kwenye upana: 429 kwa 237.5. Eneo linapungua kwa kama asilimia mbili na nusu. Kwa makopo 12, manne kwa matatu, kupishana kunahitaji eneo *kubwa* kuliko mraba, kwa kama asilimia hiyohiyo, maana ile nusu kopo ya kwenye urefu inakula zaidi ya kinachookolewa na hatua mbili tu za safu.

Vipimo hivi vyote havina nafasi ya kupumulia. Ongeza milimita chache kila upande kwa ajili ya mikono na makopo manene, na uzijumlishe kwenye hesabu ya dalili ya nne kabla hujaagiza. Kwa asilimia mbili na nusu, na kila safu ikiwa na mfuko mtupu kwenye ncha moja, mimi nisingeacha mraba kwenye katoni ya 24. Kwenye trei kubwa ya safu nane na kuendelea ningepishanisha bila kusita.